Shikamoo baba, ni Zuhura fundi nguo, kuhusu chumba na sebule ya Kimanga

Shikamoo baba. Samahani kwa meseji ndefu, mi ndo yule dada niliyekuja jumamosi na dalali kuangalia chumba na sebule ya uani, ukawa umesafiri, mama ndo akatupokea akatuonyesha. Nimeipenda sana nyumba, choo cha ndani na ile nafasi ya jiko nje, na ukimya wa pale, mwanangu yuko darasa la tano anahitaji sehemu ya kusomea. Jana dalali kanipigia kaniambia mzee anasema anataka mtu mwenye mshahara, mfanyakazi wa ofisini au serikalini, sio mtu wa biashara. Nikaona bora nikuandikie mwenyewe, na dalali nimemwambia kwamba nakuandikia, hela yake ya mwezi mmoja ntampa kama tulivyokubaliana, simzunguki.

Mama alinieleza kwa upole tu kilichotokea kwa mpangaji aliyepita, kwamba alikuwa na biashara yake, akaanza vizuri, kodi ya pili akasema ngoja wiki ijayo, wiki ijayo ikawa miezi minne, mwisho akahama usiku na luku kaacha inadai kwa majirani. Baba mi hilo limeniuma kwa kweli, maana najua mtu mmoja akifanya ivo wote tusio na mshahara tunaingia kwenye kapu moja, na wewe una haki ya kuogopa, nyumba umejenga kwa jasho lako. Kwaiyo sitakwambia niamini tu, nakueleza hela yangu inakujaje na inakauka lini, alafu utapima mwenyewe.

Mi ni fundi nguo, nina fremu yangu Barakuda mwaka wa sita huu, cherehani mbili za umeme na moja ya ovaloki, zote nimenunua sio za kukodi, na binti mmoja ananisaidia. Nashona magauni ya vitenge, nguo za harusi na sendofu, vijora, na sare za shule. Fundi nguo hela yake inafuata kalenda, na hiyo kalenda naijua kama nyumba yangu. Desemba ndo mwezi wangu mkubwa, harusi na krismasi, januari inaingia sare shule zikifungua, alafu kuna sikukuu za Idi na harusi za katikati ya mwaka kuanzia juni mpaka septemba. Panapokauka ni kwaresma na ramadhani kwa sababu harusi hakuna pande zote mbili, pale katikati kazi inakuja siku kumi za mwisho za mfungo watu wanapotaka nguo za Idi, ikishapita hiyo masika inakolea na mtu hata kama ana kitambaa ndani haoni haraka ya kukileta.

Daftari ninalo la kila siku, tangu nilipoanza. Kuanzia septemba ya mwaka jana mpaka agosti hii iliyoisha, nikishatoa vitambaa na uzi, umeme, kodi ya fremu na hela ya binti, nilibaki na 7,560,000, ambayo ukigawa kwa miezi 12 ni 630,000 kwa mwezi. Lakini hiyo ya kugawa haikusaidii sana wewe, ngoja nikupe na pembe zake. Desemba nilibaki na 1,380,000. Aprili mwaka huu nilibaki na 265,000, ndo mwezi wangu mbaya kuliko yote. Kodi yako ni 150,000, maana yake hata aprili kodi ilikuwa inatoka japo ningekula kwa kubana. Nakwambia na huo mwezi mbaya baba kwa sababu ningekutajia desemba peke yake ningekuwa nakudanganya.

Sasa nilichofikiria ni hiki. Miezi 6 mliyosema ninayo, 900,000 ipo tayari na sijaigusa, pamoja na ya dalali. Ila nikiingia tarehe 1 oktoba miezi 6 inaisha 31 machi, na mwakani 2026 kwaresma na ramadhani zinaanza ndani ya wiki moja hiyo hiyo katikati ya februari, pasaka ni tarehe 5 aprili, yaani unakuja kunidai laki tisa wakati ule ule ambao fundi yoyote hana hela. Hapo ndo watu wanapoanza kusema ngoja wiki ijayo. Sitaki kufika hapo. Kwaiyo naomba tufanye hivi, nalipa miezi 6 sasa hivi siku ya kusaini, alafu kabla ya tarehe 20 desemba nakuletea miezi mitatu mingine, 450,000, ya aprili, mei na juni, kodi ikiwa bado haijafika hata nusu ya muda. Baada ya hapo tunahamia kwenye mzunguko wa tarehe 1 julai na tarehe 1 januari, kila mara miezi 6, ambapo mi nakuwa nimetoka kwenye kazi nyingi. Ukihesabu utaona hakuna siku hata moja ambayo mi nitakuwa naishi kwenye chumba ambacho sijakilipia, na wewe hela unaipata mapema kuliko ulivyotaka.

Hela ya desemba inatoka wapi, usije ukadhani naongea tu. Niko kwenye kikoba cha wanawake wa pale fremuni, kila jumapili naweka 20,000 na tunavunja wiki ya pili ya desemba, mpaka sasa kitabu changu cha hisa kiko sawa hakuna wiki niliyoruka, ntakuja nacho ukione. Alafu kwa kodi ya kawaida nina utaratibu wangu, kila siku ninayofungua fremu natoa elfu 6 kabla sijanunua hata mboga, naiweka kwenye laini nyingine ambayo situmii kwa wateja. Siku 25 kwa mwezi ni laki na nusu, ndo kodi yako hiyo. Siku ambayo hakuna kazi kabisa naandika deni kwenye daftari naja kulilipa kazi ikija, na wateja wangu wa gauni na harusi napokea nusu ya hela kwao kabla sijashika mkasi kwaiyo sibaki nimeshona nguo ambayo mwenyewe hajaja kuichukua.

Naishi Buguruni sasa, nyumba hiyo hiyo mwaka wa nne. Nahama kwa sababu mama mwenye nyumba anavunja upande wa mbele anajenga fremu, wapangaji wote tumepewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Pale nalipa kila miezi mitatu. Nilichelewa mara moja, mwaka 2022, siku 17, mwanangu alikuwa amelazwa. Nilimfata mama mwenye nyumba siku tisa kabla kodi haijaisha nikamwambia, nikampa ya miezi miwili niliyokuwa nayo, ya tatu nikamaliza baadae na risiti zote ninazo. Namba yake nitakutumia hapa hapa baada ya hii meseji, nimeshamuomba ruhusa, amesema umpigie muda wowote ila sio wakati wa sala. Muulize chochote, muulize na kuhusu usafi na kelele na wageni.

Kuhusu cherehani, mama aliuliza kama ntashonea nyumbani. Hapana baba, cherehani zinalala fremuni, nyumbani nakuja na nguo za kushona mkono tu, vifungo na shanga za sendofu, umeme wangu ni taa, feni, pasi na friji ndogo. Luku najua mnatumia moja wapangaji watatu kwa zamu, sina shida na hilo, ila naomba tuandike kwenye mkataba kila mtu anachangia kiasi gani na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku kila mwezi anaibeba nani, maana nimeona majirani waliopendana miaka wakavurugana kwa elfu moja na kitu, na ni jambo la kumaliza siku ya kwanza. Maji vilevile.

Tutakuwa watu watatu, mimi, mwanangu, na mdogo wangu wa kike ambaye anasoma chuo na jioni ananisaidia kumalizia kazi. Baba wa mtoto hatupo pamoja, mambo ya watu kuingia na kutoka hayapo. Ukipenda mkataba tuusaini ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, mi ningependa hivyo hivyo, na barua ya utambulisho ntachukua kwa mjumbe wangu wa Buguruni. Shahidi wangu atakuwa kaka yangu, ni mwalimu wa shule ya msingi Kibaha, yeye mshahara anao wa serikali, amekubali kusaini kama mdhamini wa ile miezi mitatu ya desemba, kama sijaleta mpaka tarehe 20 unampigia yeye. Nilimuomba mwenyewe kwa sababu nilijua swali lako litakuwa hilo.

Na naomba tuandike kingine, kwamba kama naona kodi inayofata siiwezi nakwambia mwezi mmoja kabla, uanze kutafuta mtu mapema, na mi naondoka chumba kikiwa safi na luku yangu imelipwa. Sitegemei itokee, lakini nataka iwe imeandikwa na nimeisaini mwenyewe, maana najua kilichokuumiza na mpangaji yule sio hela peke yake, ni kuamka asubuhi ukakuta mlango uko wazi.

Bei sijaomba ipungue, laki na nusu naona ni ya haki kwa chumba kile. Nilichoona cha kurekebisha ni kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea na bomba la jikoni linavuja kidogo, hivyo kama utaruhusu natengeneza mwenyewe kwa gharama yangu sio ya kukatwa kwenye kodi.

Nakutumia na picha za kurasa za daftari za desemba na aprili, taarifa ya miamala ya M-Pesa ya miezi 6, kitambulisho cha NIDA na TIN ya fremu. Kwenye miamala utaona hela ndogo ndogo nyingi, elfu kumi, elfu ishirini na tano, hizo ni malipo ya nguo, ndo hela ya fundi inavyoingia. Ukitaka kuja fremuni bila kunipigia karibu sana, niko pale jumatatu mpaka jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, ulizia kwa fundi Zuhura mtu yoyote atakuelekeza.

Jumapili kikoba tunamaliza saa nane. Kama utakuwa umerudi naomba nije saa kumi jioni tuonane mimi na wewe na mama, nitakuja na kaka. Ukiona bado unahitaji siku za kufikiria au kumpigia mama wa Buguruni kwanza ni sawa kabisa baba, nisubirie tu usimpe mtu mwingine mpaka jumatatu. Nisalimie mama, mwambie ile chai ya tangawizi nilifika nayo nyumbani na mwanangu ameniomba nimuulize aliweka nini kingine.