Asante sana dada Rehema, na ofa yako ya oda ya pili iko humu ndani

Dada Rehema habari za Dodoma, ni Mama Sauda wa dagaa huku Kigoma. Nilitaka nikupigie ila nikaona saa hizi bado uko kazini, bora nikuandikie usome ukitulia nyumbani. Ni ndefu kidogo lakini ofa yako iko humu ndani kwa hiyo usiishie njiani 🙏

Kwanza kabisa ahsante. Yani ahsante ya kweli. Hunijui, hujawahi kufika Kibirizi, umeona tu picha kwenye status ya mtu ukanitafuta ukatuma hela kabla hujaona hata dagaa mmoja, na siku hizi watu wanavyotapeliwa mitandaoni najua hicho si kitu kidogo. Ile Jumamosi uliponitumia picha ya sufuria na ukaandika "mama hawana mchanga kabisa", nimewaonyesha wadada ninaofanya nao kazi kwenye vichanja wamefurahi mno, mmoja akasema huyo mteja tumuwekee wazuri tena. Kwa hiyo salamu zao hizo.

Na kwa vile umegusia mchanga ngoja nikwambie kwa nini hukuukuta. Dagaa wakishushwa mwaloni asubuhi kuna wanaoanikwa chini kwenye mchanga, hao ni wa bei rahisi na ndo wale ukitafuna meno yanalia. Mi nachukua wanaoanikwa kwenye chanja, yani wavu umetandazwa juu ya miti, upepo unapita chini jua linapiga juu, likiwaka vizuri hadi jioni wamekauka. Kabla sijanunua nachukua dagaa mmoja namkunja, akikatika kwa mlio huyo kakauka, akipinda tu bado ana maji ndani na akifungwa kwenye mfuko atavunda kabla hajafika hata Singida. Halafu naangalia rangi, dagaa aliyeanikwa siku ya jua anang'aa kama fedha ubavuni, aliyenyeshewa anakuwa wa njano njano au mweusi na harufu yake unaijua tu hata umefumba macho. Wako niliwapepeta mwenyewe kabla ya kupima.

Uliniuliza pia mbona hawana ule uchungu wa dagaa uliozoea. Ni samaki tofauti kabisa dada, wale wa Mwanza na hawa wa Ziwa Tanganyika tunawaita jina moja tu lakini hawa wa huku ni jamii ya sardini. Ndo maana ukiwakaanga mafuta yao yenyewe yanatoka na nyumba nzima inajua leo kuna nini.

Sasa kuhusu mawese. Ulisema dumu chini kumeganda kama uji mzito na juu ni mafuta mepesi, ukawa na wasiwasi labda yamechanganywa. Hapana mama, mawese halisi ndo yalivyo, baridi ikipiga kidogo yanaanza kuganda, na Dodoma usiku najua kunapoa. Usiyachemshe kwenye moto mkali. Weka dumu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kama robo saa hivi, litikise, yatarudi yote kuwa sawa kisha ndo umimine. Na usimimine ya juu tu ukaacha ya chini, ule uzito wa chini nao ni mawese yale yale. Wekundu wake nao ni wa asili, unatoka kwenye chikichi lenyewe, hakuna rangi iliyowekwa.

Ukitaka kuwapika tena jaribu hivi tunavyofanya huku. Toa vichwa kama una muda (mi kwa wanangu natoa, kwa wageni natoa, nikiwa peke yangu siangaiki), osha na maji ya moto kidogo mara 2 haraka haraka wasilowe, chuja. Bandika mawese yapate moto ila yasitoe moshi, kitunguu, nyanya nyingi ziive mpaka zimepotea, ndo uweke dagaa, ndimu, pilipili nzima usiipasue, chumvi mwishoni maana dagaa wenyewe wana chumvi yao. Maji kidogo sana. Kwa ugali wa muhogo, basi. Hata wa mahindi sawa lakini ukipata wa muhogo utanikumbuka.

Waliobaki usiwaache kwenye mfuko wa nailoni niliotumia kusafirishia, ule ni wa safari tu. Watoe, waanike jua saa moja au mbili, wakipoa kabisa ndo uwafunge kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukiwa na friza weka humo, watakaa muda mrefu bila kubadilika harufu.

Haya, sasa nije kwenye jambo la oda maana uliandika "nikimaliza nitakutafuta" na mi nakuomba usisubiri umalize. Sikulazimishi kununua, sababu yenyewe ni mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wavuvi wanawasha taa zao ziwani gizani, dagaa wanaufuata mwanga wanakusanyika chini ya mtumbwi ndo wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga umetapakaa ziwa zima, hawakusanyiki, na maboti mengi yanakaa nchi kavu siku kadhaa. Mwaloni panakuwa kimya, dagaa wanaopatikana ni wa stoki, na bei inapanda bila kumuuliza mtu. Wiki ijayo mbalamwezi inaanza. Nilizonazo sasa hivi ni za giza lililopita, nzuri sana, zimekauka, lakini si nyingi na kuna mama wa Tabora anachukua gunia zima.

Na kuna la pili. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi 3, samaki wapate kuzaliana. Mi naunga mkono japo biashara iliyumba, maana wazee wa huku wanakwambia wazi samaki wamepungua, na ziwa si letu peke yetu, tunalo na Kongo, Burundi na Zambia, kila mtu akivua bila kupumzika wajukuu watakula nini. Lakini tangu hapo nimejifunza kuwaambia wateja wangu mapema, mwezi wa 5 ukikaribia uwe na akiba ndani.

OFA YAKO SASA 😊

Kwa vile oda yako ilikuwa ya kwanza na ukaniamini, nimekuwekea punguzo la asilimia 10 kwenye oda ya pili. Neno lako la ofa ni hili:

```
ZIWA10
```

Huna haja ya kwenda popote, nijibu hapa hapa uandike hilo neno pamoja na unachotaka, mfano "ZIWA10 dagaa kilo 2 mawese lita 5 Dodoma". Basi, mi ntaelewa.

Bei hazijabadilika, dagaa kilo 28,000 na mawese lita 5 ni 30,000. Ukichukua kilo 2 kama mwanzo na dumu la lita 5 badala ya lile la 3 inakuwa 86,000, tukitoa ofa unalipa 77,400. Nauli ya mzigo ni ile ile 6,000, hiyo siwezi kupunguza maana ni ya watu wa basi, naipeleka kama ilivyo. Ofa inafanya kazi kwa dagaa na mawese. Migebuka ya kukausha haimo, samahani dada angu, faida yake ni ndogo mno nikitoa 10 hapo nabaki na nauli tu, ila ukiagiza kilo ya migebuka ntakuongezea dagaa mkono mmoja juu kwa mapenzi yangu.

Neno hilo ni la kwako hadi tarehe 30 mwezi huu. Ulisema shemeji yako wa Area D alionja akataka na yeye, mpe tu atumie mara moja, aniambie ametokea kwako. Mkiagiza pamoja ndo vizuri zaidi, naweka kwenye boksi moja nauli mnagawana, ila ntawafungia mifuko miwili yenye majina msije mkagombana kupimiana.

Utaratibu ni ule ule. Ukithibitisha kabla ya Alhamisi jioni, Alhamisi hiyo hiyo nafunga, Ijumaa alfajiri mzigo unapanda gari, nakutumia picha ya risiti ya mzigo na namba ya konda, Jumamosi asubuhi unachukua pale stendi ya Nanenane kama mara ile. Malipo kwenye lipa namba ile ile uliyotumia. Tafadhali dada kabla hujaweka namba ya siri angalia jina linalotokea, liwe lile lile la mwanzo, likiwa jingine acha kabisa unipigie, maana kuna watu wanachukua picha zetu wanaweka namba zao wanakula hela za wateja. Mi siwezi kubadilisha namba bila kukupigia ukasikia sauti yangu.

Halafu mawese safari hii ntakufungia dumu kwa nailoni mbili na ntaliweka wima kwenye boksi lake peke yake, dagaa boksi jingine. Mara ya kwanza yalifika salama lakini lita 5 ni nzito, na makonda wengine wanarusha tu.

Kama kuna kitu hukukipenda kwenye mzigo wa kwanza niambie kabisa, iwe ukubwa wa dagaa, iwe wamekauka mno, iwe chumvi. Kuna wateja wanapenda wadogo wadogo wa kukaanga wakavu na kuna wanaopenda wakubwa wa mchuzi, we hukuniambia nikakuchanganyia, safari hii ukisema ntakuchagulia. Na kama mzigo huu bado uko mwingi ndani na hutaki kuagiza sasa hivi pia sawa kabisa, nijibu tu "baadaye" ili nisikuwekee kiporo mtu mwingine akakosa.

Nimeshakutengea kilo 2 pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko, nimeandika jina lako. Nakusikilizia hadi Alhamisi saa 12 jioni.

Nisalimie watoto na mzee wa nyumba, na yule mdogo aliyekuwa anakula dagaa bila ugali mwambie bibi wa Kigoma anamuwekea wa kwake 😄

Mama Sauda, Kibirizi