Usiku wa giza nje ya Nungwi

Tulikuwa sita botini, nahodha Mzee Makame, Kombo, Ame, Shaame, Vuai mtoto wa dadake nahodha, na mie. Mwezi umeandama juzi tu, giza tupu, na ndo wakati wenyewe wa dagaa maana mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazina kazi. Tuko magharibi ya Nungwi, mnara wa taa pale rasini tunauona, dagaa wamejaa chini ya mwanga hadi maji yanameta, ndoo kumi na kitu tushapakia na wavu tumeuzungusha tena.

Mzee akauliza, "Nyie, nyota za kule kusini zimekwenda wapi?"

Utabiri siku ile ulikuwa hauna tatizo, ila mvua za mwezi wa nne ndivyo zilivyo, wingu moja linajikusanya linakupiga wewe na mwenzako wa Kendwa kalala zake hana habari. Upepo ukakatika kabisa. Halafu ikaja baridi, ile baridi ya mvua, na Mzee hakungoja.

"Kateni wavu!"

Kombo kakamata kamba. "Wavu wa tajiri huu Mzee, tutaulipa mpaka tufe."

"Tajiri nitamkabili mie. Una samaki ubavuni, upepo ukitupiga hivi tunapinduka."

"Basi tuufungue chini dagaa watoke, halafu tuufunge omo, mbele huku, utatushikia boti."

Mzee kamwangalia. Nahodha wengine pale wangemtukana, kijana anamfundisha nani? Yeye akasema tu, "Fanyeni upesi, na kisu kikae karibu." Akazima mashine na kuinyanyua, wavu ukiingia kwenye panga ndo basi tena.

Dagaa wote wale wakarudi baharini, inauma jamani, tukavuta kamba kwa mbele tukaifunga, na hapo hapo upepo ukafika. Mvua inapiga usoni hufungui macho, mawimbi yanakuja meupe, boti inanyanyuka omo inaanguka inanyanyuka tena, lakini haikugeuka ubavu hata mara moja kwa sababu ule wavu unaburuta mbele unatuelekeza kwenye upepo. Kila mtu kamba kiunoni. Ame na Shaame wanakumba maji kwa madumu yaliyokatwa, wakichoka tunapokezana. Vuai anatapika huku anakumba.

Shaame anapiga kelele tuwashe mashine tukimbilie pwani, nyumbani si pale. Mzee kakataa. Maji yanakupwa, usiku, mwamba huuoni, utakwenda kuvunjikia mlangoni kwako. "Bahari kubwa ina nafasi," akasema, "wacha itusukume." Ikatusukuma kweli, upepo wa kusini na mkondo wa huku nao unakwenda kaskazini, mnara wa Nungwi ukahamia kusini yetu tukajua tushapita ras.

Taa hatukuzima. Mie nilitaka tuzime betri isife, Mzee kasema mwenye shida ataiona. Na waliiona. Tukasikia sauti, kumbe ngalawa ya watu wawili, ndubi moja, ule ubao wa kuelea ubavuni, imevunjika, wamekaa juu ya ile nyengine wameshikilia mtumbwi uliojaa maji. Baba mtu mzima na mwanawe.

Hapo maji botini yalikuwa yanatufika kwenye vifundo na sasa tunaongeza watu wawili. Hakuna aliyesema tusiwachukue, ila wote tuliziangalia zile ndoo. Mzee mwenyewe akaanza, kamwaga ya kwanza, tukamwaga zote, barafu na sanduku lake pia. Kombo akarusha kamba, mara ya tatu ndo wakaidaka. Mtoto alivutwa mwanzo. Baba alitaka ngalawa ifungwe nyuma, Mzee akamwambia, "Yakhe, itatugonga na kututoboa, panda." Akapanda analia.

Upepo haukumaliza saa nzima. Ulivyotulia vijana tukataka kuondoka, mashine yenyewe iliwaka baada ya Ame kukausha plagi, lakini Mzee katukalisha pale pale mpaka alfajiri maji yawe yamejaa. Tukavuta wavu, umechanika sehemu mbili. Ngalawa tukaikuta inaelea, tukaifunga nyuma na bahari shwari.

Pwani wamama wa kuchemsha dagaa washawasha majiko, wakaona boti haina kitu na watu wanane, mmoja akaanza kupiga vigelegele wengine wakafata. Tajiri alikuja, akauliza ndoo ngapi.

"Hakuna," Mzee kamjibu. "Wavu wako ule, hesabu matundu."

Mafuta alituandikia deni. Kombo kavimba anataka kugombana, Mzee akamshika bega akamwambia akachukue sindano na uzi, jioni ikiwa shwari tunatoka.