CHANJO BURE JUMATANO HII, ZAHANATI YA KIJIJI, MLANGO WA NYUMA

Lini: Jumatano, 21 Oktoba 2026, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana.
Wapi: Zahanati ya kijiji chetu, hapa Newala. Zunguka nyuma, kwenye baraza. Foleni ya mbele ni ya wagonjwa, usipange huko.
Malipo: Hakuna.

Tangazo la wiki iliyopita tumelibandua. Fuateni hili.

Nani aje?

Mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye hajamaliza chanjo zake. Baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Tunawasihi sana kuhusu hiyo ya miezi 18. Mtoto akishaanza kukimbia, wengi huona kliniki imekwisha, kumbe bado dozi ya pili ya surua na rubela.

Amechelewa? Mlete. Haanzi upya, anaendelea alipoishia, na hakuna atakayekugombeza. Ana mafua kidogo? Mlete pia, mhudumu atamwangalia kwanza.

Binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajachanjwa kujikinga na saratani ya mlango wa kizazi. Ni sindano moja tu, na hata asiyesoma shule aje.

Mama mjamzito, kwa chanjo ya pepopunda.

Bure maana yake nini?

Chanjo, bomba la sindano, kupima uzito na kadi mpya kwa aliyepoteza: vyote hulipii. Bima haihitajiki. Hakuna hela ya daftari wala ya mchango. Ukidaiwa hata shilingi mia, mwambie mganga mfawidhi au mwenyekiti wa kijiji palepale.

Njoo na kadi ya kliniki. Huna? Njoo hivyo hivyo.

Tunajua ni msimu wa korosho na wazazi wengi wako shambani. Bibi, babu, baba, shangazi au dada mkubwa anaweza kumleta mtoto, ilimradi aje na kadi na ajue mtoto alizaliwa lini. Jitahidini kufika mapema: chupa ya chanjo ya surua ikishafunguliwa haikai zaidi ya saa 6, kinachobaki humwagwa.

Baada ya chanjo mtoto anaweza kupata homa ndogo au kuvimba kidogo alipochomwa. Endelea kumnyonyesha, usipake dawa wala majani pale. Homa ikizidi siku mbili, akipata degedege au akishindwa kunyonya, mlete zahanati mara moja, usiku au mchana.

Wajumbe wa vitongoji, tafadhali wasomeeni wasioweza kusoma, hasa kaya zilizohamia mashambani.

Mganga Mfawidhi
Zahanati ya Kijiji