Nafasi ya karani wa klirensi: sivii iliyoletwa na Salim Mwinyi

Habari ya asubuhi Madam Rehema,

Mimi ni Fatma Juma wa Changamwe, naandika kuhusu ile nafasi ya karani wa klirensi ofisi yenu ya Shimanzi, sivii yangu uliletewa Jumatatu na Salim Mwinyi wa upande wa malori, tulifanya kazi pamoja miaka 2 na yeye ndo alonambia mwatafuta mtu.

Klirensi nimefanya miaka 4 sasa. Entri naingiza mwenyewe kwa iCMS ya KRA, kontena naifuata Kilindini mpaka itoke geti, na zile za kupanda SGR pia nazijua. Siku za bure zikiisha bandarini storeji yamwangukia mteja, kwa hivyo makaratasi mimi huanza kuyapanga meli haijafunga gati, na hilo Salim amelishuhudia, waweza kumuuliza.

Lakini sitaki kuruka foleni, kama kuna fomu ama intavyu nitafanya kama wengine.

Sivii nimeiambatisha tena isije ikawa ilipotea, pamoja na setifiketi. Naweza kuja siku yoyote wiki hii, notisi yangu kazini ni mwezi 1.

Asante sana,
Fatma