Mpango wa Insha: Je, Mtawanyiko wa Vyama katika Demokrasia Changa Unaelezwa Zaidi na Kanuni za Uchaguzi au na Migawanyiko ya Kikabila?

Swali na msimamo

Insha itakuwa ya maneno 3,500, kwa ajili ya semina ya siasa linganishi. Msimamo nitakaoutetea ni kwamba kanuni za uchaguzi zinaeleza zaidi, kwa sababu mbili ambazo hazina uzito sawa. Ya kwanza ni kwamba kanuni zinapobadilishwa, idadi ya vyama vyenye nguvu hubadilika ndani ya uchaguzi mmoja au miwili, ilhali muundo wa kikabila wa nchi umebaki vilevile. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha insha, ni kwamba ukabila wenyewe hauingii katika siasa za vyama moja kwa moja: kanuni, pamoja na ukubwa wa uwanja ambao ushindi unatafutwa, ndizo zinazoamua ni utambulisho upi, kati ya mingi alionao mpigakura, unaoweza kumfikisha mwanasiasa madarakani. Nitakubali jambo moja kubwa kwa upande wa pili, nalo ni kwamba jiografia ya makabila huamua kama vyama vinavyoshindana katika jimbo moja ndivyo hivyohivyo vinavyoshindana katika majimbo mengine. Sitaki kumaliza kwa kusema kwamba "vyote viwili ni muhimu", kwa sababu jibu hilo ni kweli lakini halijibu swali lililoulizwa.

Kipimo

Aya moja tu itatosha hapa. Vyama vilivyoandikishwa havihesabiki, kwa kuwa nchi inaweza kuwa na vyama 40 katika karatasi ya kura na bado kimoja kikachukua karibu viti vyote. Nitatumia kipimo cha Laakso na Taagepera cha mwaka 1979, kinachokipa kila chama uzito kulingana na sehemu yake ya viti; N ni idadi ya vyama vyenye nguvu, na kila s ni sehemu ya viti ya chama kimoja:

```
N = 1 / (s1² + s2² + ... + sn²)
```

Nitaonyesha hesabu yenyewe kwa bunge la Malawi la mwaka 1994, ambapo UDF ilipata viti 85, MCP 56 na AFORD 36 kati ya 177. Jibu ni takriban 2.7. Bunge la Afrika Kusini la mwaka huohuo, lenye vyama saba, linatoa takriban 2.2. Msomaji ataona mapema kwamba Malawi, iliyotumia majimbo ya kiti kimoja, ilikuwa na mtawanyiko mkubwa kuliko Afrika Kusini iliyotumia uwiano wa kura, yaani kugawa viti kulingana na kura za kila chama, bila kizingiti cha kisheria cha kura za kuingia bungeni, na fumbo hilo ndilo litakalosukuma insha mbele.

Hoja ya kanuni, kwa kuanzia na Poland

Nitaanza na msomi wa siasa Duverger, aliyedai mwaka 1951 kwamba jimbo la kiti kimoja linalomwachia kiti aliyepata kura nyingi kuliko wengine huelekea kuzaa vyama viwili. Nitatenganisha athari mbili alizozitaja: ile ya kihesabu, ambapo kura za vyama vidogo hazigeuki viti, na ile ya kisaikolojia, ambapo wapigakura na viongozi hujifunza kutozipoteza kura bure. Tofauti hii lazima ielezwe kwa uangalifu, kwa sababu katika demokrasia changa ya kwanza huonekana mara moja lakini ya pili huchelewa.

Poland itachukua nafasi kubwa katika sehemu hii, kwa kuwa ni nchi ambayo karibu watu wote ni Wapoland, hivyo ukabila hauwezi kulaumiwa kwa lolote. Mwaka 1991 ilitumia uwiano wa kura usio na kizingiti cha maana, na makundi 29 yakaingia katika bunge lenye viti 460; chama kikubwa kuliko vyote kilikuwa na viti 62 tu. Mwaka 1993 kiliwekwa kizingiti cha asilimia 5 kwa vyama na asilimia 8 kwa miungano. Makundi saba ndiyo yaliyoingia bungeni, mojawapo likiwa la Wajerumani wachache walioondolewa katika sharti hilo, na zaidi ya theluthi moja ya kura zikapotea. Nitalitazama kwa karibu tukio moja: chama cha wafanyakazi cha Solidarność, ambacho hoja yake ya kutokuwa na imani ndiyo iliyoiangusha serikali mwaka huohuo, kilipata asilimia 4.9 na kubaki nje. Mwaka 1997 vyama vya upande huo vilikwenda kwenye uchaguzi vikiwa vimeungana chini ya muungano wa AWS na vikapata viti 201. Hapa athari ya kihesabu inaonekana 1993 na ile ya kisaikolojia 1997, tena katika jamii ileile.

Mfano wa Lesotho utafuata kwa ufupi zaidi, kwani unaonyesha mwendo wa kinyume. Wananchi wake karibu wote ni Basotho. Mwaka 1998, chini ya majimbo ya kiti kimoja, chama cha LCD kilichukua viti 79 kati ya 80 kikiwa na takriban asilimia 60 ya kura, na machafuko yakafuata. Mwaka 2002 viti 40 vya uwiano viliongezwa ili kuwafidia waliopata kura bila viti, na vyama kumi vikaingia bungeni. Ukabila haukubadilika hata chembe.

Hoja ya ukabila, kwa nguvu zake zote

Sehemu hii lazima iandikwe kana kwamba naiamini, vinginevyo msimamo wangu hautakuwa umepimwa. Nitairudia Malawi ya 1994. AFORD ilishinda viti vyote 33 vya Kaskazini, MCP ilitawala Kati na UDF ikatawala Kusini. Kanuni ya Duverger haikuvunjwa katika majimbo. Ndani ya majimbo ya Kaskazini hapakuwa hata na vyama viwili vyenye nguvu, kulikuwa na kimoja. Hata hivyo taifa lilipata vyama vitatu, kwa sababu hakuna kitu katika kanuni ya jimbo moja kinachowalazimisha washindi wa majimbo mbalimbali kuwa chama kimoja. Huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa hoja ya kanuni, na wanafunzi wengi huupita haraka. Mtawanyiko wa kitaifa huko ulitokana na mikoa yenye utambulisho wake na wapigakura walioishi pamoja kijiografia.

Papua New Guinea itaongezwa ili kuonyesha hali ya kupindukia. Nchi hiyo yenye lugha zaidi ya 800 ilitumia kanuni ya kura nyingi katika majimbo ya kiti kimoja kuanzia 1977 hadi 2002, na badala ya vyama viwili katika jimbo ilipata orodha ndefu za wagombea ambao kila mmoja alitegemea ukoo wake, hata wabunge wengi wakashinda kwa chini ya asilimia 20 ya kura. Duverger anashindwa hapa ndani ya jimbo lenyewe. Nitaeleza kwamba athari ya kisaikolojia inahitaji mpigakura aliye tayari kumhamia mgombea wa pili kwa ubora, na pale ambapo mgombea wa ukoo mwingine hawezi kuaminiwa kukuletea chochote, hakuna wa pili wa kumhamia.

Pale kanuni zinapouunda ukabila

Sehemu hii itapewa maneno mengi kuliko nyingine, takriban 1,100. Nitatumia kazi ya Daniel Posner kuhusu Wachewa na Watumbuka wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Zambia na Malawi. Utamaduni wao ni uleule, lakini nchini Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kuwa mtaji wa chama, na wanavijiji huwaona wenzao kama wapinzani. Nchini Zambia makundi yote mawili ni madogo mno kushinda chochote peke yake, nao hujiona washirika, watu wa Mkoa wa Mashariki. Kwa hiyo tofauti ya kikabila kuwepo tu haitoshi, kwani uwanja wa ushindani ndio unaoipa thamani ya kisiasa.

Zambia yenyewe inatoa ushahidi mzuri zaidi, kwa sababu inabakiza watu walewale na kubadilisha kanuni. Chini ya chama kimoja, 1973 hadi 1991, ushindani halisi ulikuwa ndani ya jimbo, na kabila dogo la eneo ndilo lililokuwa na faida kwa mgombea. Vyama vingi viliporudi na urais ukawa tuzo ya kugombewa nchi nzima, wanasiasa waligeukia makundi makubwa ya lugha, yaani Bemba, Nyanja, Tonga na Lozi. Makabila mengi yalisalia, lakini mistari iliyokuwa na maana kwa vyama ikawa minne. Mtafiti anayehesabu makabila ya nchi katika orodha ya zamani na kuilinganisha na idadi ya vyama anapima kitu ambacho tayari kimechujwa na kanuni, na ndiyo maana siridhiki na hoja inayoanzia kwenye hesabu hiyo.

Indonesia itatajwa kwa sentensi chache tu: sheria yake inavitaka vyama viwe na matawi katika mikoa mingi, hivyo vyama vya eneo moja vimezuiwa isipokuwa Aceh. Mtawanyiko wa vyama ni mkubwa, lakini si wa kikabila.

Pingamizi

La kwanza ni kwamba kanuni hazishuki kutoka mbinguni, kwa kuwa huchaguliwa na wanasiasa ambao tayari wana vyama, hivyo huenda ni matokeo ya mtawanyiko na si chanzo chake. Nitakubali kwa Afrika Kusini, ambapo uwiano wa kura ulitokana na mazungumzo kati ya pande zilizojua nguvu zao. Nitakataa kwa Poland, kwa kuwa bunge lililoweka kizingiti lilijaa makundi ambayo kizingiti hichohicho kiliyafuta miezi michache baadaye.

La pili linanisumbua zaidi. Nchini Afrika Kusini ANC ilipata viti 252 kati ya 400 mwaka 1994, lakini 159 tu mwaka 2024, na idadi ya vyama vyenye uzito ikapanda kutoka 2.2 hadi kupita 4 kidogo. Uwiano wa kura haukuondolewa, makabila ni yaleyale, na kuruhusiwa kwa wagombea binafsi mwaka 2024 hakuelezi mabadiliko makubwa kiasi hicho. Jibu langu ni kwamba kanuni legevu huruhusu mtawanyiko bila kuulazimisha. Heshima ya chama cha ukombozi ndiyo iliyowaweka wapigakura pamoja, nayo ilipopungua hapakuwa na kizingiti cha kuzuia mgawanyiko. Nitasema wazi kwamba hapa hoja yangu inaeleza kiwango cha juu kinachowezekana, haielezi ni lini kitafikiwa.

Mipaka na mpangilio wa kuandika

Sitatumia takwimu za nchi nyingi kwa pamoja, kwa sababu vipimo vya kawaida vya mchanganyiko wa kikabila vina kasoro ileile niliyoieleza kwa Zambia. Nitaandika kwanza sehemu ya Zambia na Malawi, kisha Poland, na utangulizi utaandikwa mwisho. Maneno yakizidi, Indonesia ndiyo itakayoondolewa, na Lesotho itabaki hata kwa aya moja, kwa kuwa bila hiyo ushahidi wa nchi zisizo na migawanyiko ya kikabila ungetegemea Poland peke yake.