Doti: maelezo ya sauti ya filamu fupi

Muda wa filamu: dakika 9. Lugha ya maelezo: Kiswahili, chaneli ya 1. Toleo la Kiingereza lipo chaneli ya 2 na linafuata muda huu huu.

KWA MSOMAJI, KABLA YA KUWASHA MAIKI

Yaliyo kwenye mabano usiyasome. Soma kama unamsimulia jirani yako wa kiti cha pili, bila kulia wala kuigiza. Filamu ina uchungu wake, usiiongezee.

Dada hawa wawili hawasemezani mpaka dakika ya 8. Wanajibizana kwa kanga. Anayeona anasoma jina la kanga na kucheka, na asiyeona, tusipomsomea, tumemnyima mazungumzo yote. Kwa hiyo nafasi ikibana, acha mawingu, acha magorofa, lakini jina la kanga haliachwi. Msomaji wa Kiingereza: taja jina kwanza kwa Kiswahili, ndipo utoe maana kwa maneno machache. Kiingereza kikirefuka, dondosha rangi.

UTANGULIZI (unasikika kabla taa za ukumbi hazijazimwa)

Karibu. Unasikiliza maelezo ya sauti ya filamu fupi iitwayo Doti. Ukitaka Kiingereza, hamia chaneli ya 2.

Bi Mwanahawa ana miaka sitini na kitu. Ni mrefu, mwembamba, sauti yake inakwaruza. Mdogo wake, Bi Hadija, ni mfupi, amejaa, na anachechemea mguu wa kushoto. Utamtambua kwa ndala zake zinazoburuzika. Juma ni mjukuu wa Bi Mwanahawa. Ana miaka 9, shati jeupe la shule na kaptula ya bluu iliyompwaya. Wote wanaishi Kigamboni na kila siku wanavuka kwenda soko la samaki la Feri.

(Sentensi inayoeleza doti ni nini ipo kwenye toleo la Kiingereza tu. Kuiweka hapa ni kumfundisha samaki kuogelea.)

MAELEZO

00:04
Giza. (Nyamaza, honi ya pantoni ipite.)

00:12
Alfajiri. Chumba kimoja, pazia badala ya mlango. Bi Mwanahawa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, simu ikimmulika kutoka mdomoni. Anafunua kanga moja moja. Chini kabisa, ndani ya gazeti, ipo nyekundu na nyeupe, mji wake una korosho. Kipande kimoja tu. Jina: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

00:38
Anapitisha kidole kwenye pindo. Anaikunja, anairudisha. Anachukua nyingine, ya njano, anajifunga kiunoni. HASIDI HANA SABABU.

(Subiri. Ukumbi utacheka hapa, na maneno ya Juma yasipotee.)

00:55
JUMA: Bibi, leo tena?
BI MWANAHAWA: Beba ndoo. Pantoni haimsubiri mtu.

01:08
Gatini Kigamboni. Geti linafunguka. Watu wanakimbia, pikipiki katikati yao, mkokoteni wa madafu nyuma. Ndoo inampiga Juma magotini.

01:30
Ndani ya pantoni. Juma ameegemea chuma cha pembeni. Ng'ambo, kushoto, paa jekundu la vigae la kanisa la Azania Front, na magorofa ya vioo juu yake. Jua linachomoza kulia, upande wa bahari.

(Honi ikiwahi, katia kwenye "kanisa la Azania Front".)

01:58
Feri. Sakafu inang'aa kwa maji na magamba. Changu wamemwagwa juu ya meza ya zege, wengine bado wanafungua midomo. Mnadi amepanda juu ya kreti.

02:12
MNADI: Elfu ishirini! Ishirini, nani ishirini na mbili?

02:20
Bi Mwanahawa anainua kidole. Upande wa pili wa meza, mkono mfupi wenye bangili unainuka, vidole viwili.

02:31
Bi Hadija. Kanga ya bluu. Anageuka polepole mpaka mgongo wake umemwelekea dada yake. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.

(Niliandika "anageuka makusudi", nikalifuta neno makusudi. Umesema polepole, umesoma jina, inatosha. Msikilizaji ana akili zake.)

02:50
Kidole. Vidole viwili. Kidole.

03:02
Bi Mwanahawa anafungua fundo la pindo kwa meno. Noti zimelowa jasho, zimeshikana. Anazibandua moja moja, anazipanga kiganjani. Ya mwisho ni sarafu ya shilingi 200. Juma anaichukua, anaigeuza. Simba wawili.

03:26
BI MWANAHAWA: Hiyo ya nauli, rudisha.

03:31
Anahesabu tena. Mnadi anamtazama. Anatikisa kichwa, anafunga fundo.

03:44
MNADI: Zimekwenda! Mama wa bluu!

03:48
Bi Mwanahawa anapenya kwenye umati, haangalii nyuma. Juma anamfuata, ndoo tupu mkononi.

(Kuanzia 03:55 hadi 05:10 ni kuzunguka sokoni: pweza, wakaangaji, sufuria za mafuta, paka. Sauti zinajieleza. Taja mara moja tu, kwenye 04:20: "Fungu la dagaa. Anauliza bei, anaondoka." Kwingine usijaze, ukimya si kosa.)

05:12
Juma amekaa peke yake kwenye ukingo wa zege, ndoo kati ya miguu. Bibi yake yuko mbali, anabishana na muuza dagaa. Juma anainua kichwa.

05:24
Bi Hadija amesimama mbele yake. Anainamisha ndoo yake juu ya ile ya mtoto. Changu wanaangukia ndani, watano, sita, nusu ya fungu.

(Usiiache sauti peke yake. Samaki wakimwagwa ndooni, anayemwaga anaweza kuwa yeyote, na kila kitu baada ya hapa kinategemea ni nani.)

05:40
Anaweka kidole mdomoni. Anaondoka.

06:02
Bi Mwanahawa amerudi. Anatazama ndoo. Anamtazama Juma. Juma anatazama miguu yake.

06:15
BI MWANAHAWA: Nani?

06:18
Juma hajibu.

06:30
Pantoni inarudi Kigamboni. Jua limepanda, watu wamejikinga kwa magazeti na mikoba. Bi Mwanahawa amekaa kwenye benchi, ndoo mapajani. Anachungulia ndani, anafunika kwa kiganja.

06:52
Upande wa pili, Bi Hadija amesimama na ndoo kichwani. Chini ya ndoo, ngata. Kitambaa kimesokotwa, kimefifia. Nyekundu na nyeupe. Kwenye mkunjo linasomeka neno moja: SIKATI.

(Soma neno hilo kama ulivyosoma mengine. Usiseme "kipande cha pili", wala usirudie jina zima. Tumelisoma kwenye sekunde ya 12, atalikumbuka au hatalikumbuka, kama wanaoona. Nimebishana na mhariri juu ya hili na bado nasimama hapo. Kiingereza vivyo hivyo: toa maana ya neno hilo moja tu.)

07:10
Bi Mwanahawa ameliona.

(Kimya hadi 07:48. Injini na maji tu. Ukihisi hamu ya kusema kitu, kunywa maji.)

07:48
Anasogea kwenye benchi. Pembeni yake pana nafasi ya mtu mmoja.

08:03
BI HADIJA: Shikamoo, dada.

08:06
(Nyamaza. Jibu linachelewa sekunde sita, na kuchelewa huko ndiko kunakosikilizwa.)

08:12
BI MWANAHAWA: Marahaba. Mguu vipi?

08:15
(Usiseme nani anakuja. Ndala zinasikika.)

08:24
Giza. Majina yanapanda, meupe juu ya pindo jekundu.