Swaleh, usimtumie Da Mishi hivi

Swaleh, asalaam aleikum. Ujumbe unaotaka kumtumia dada yako, Da Mishi, kumwomba msamaha nimeusoma. Ulitaka nikwambie kweli, basi nivumilie.

Msamaha umeomba, lakini umeuombea jambo jingine. Karibu nusu nzima waeleza siku ya arobaini ya mama: ulivyompandishia sauti mbele ya mashangazi, ulivyotoka ukaubamiza mlango. Hayo yalishampita. Kelele za msibani nani hajapiga? Linalomkaa moyoni ni kodi ya nyumba ya Majengo na cherehani ya mama, na hayo mawili hukuyataja popote. Umeandika tu "mambo ya mali yaliyotokea". Yalitokea yenyewe? Cherehani ilijitwika kichwani ikaenda Mwembe Tayari kujiuza?

Na kumbuka alijuaje. Alikuwa Kongowea na mke wangu, wamechutama wanachagua vitunguu, akapita yule mpangaji wenu wa chumba cha mbele. Akamuuliza kwa nia njema kabisa: "Kumbe ile cherehani ya marehemu mmeiuza?" Mke wangu aniambia Da Mishi hakushtuka wala hakuuliza kitu. Alimaliza kuchagua vitunguu vyake, akalipa, akahesabu chenji. Walipofika stejini ndipo akasema, "Mimi nilifunzwa kushona juu ya ile." Bei hakuuliza. Sasa wewe wamwandikia juu ya mlango!

Hapo pa "shetani alituingilia" futa. Alituingilia sisi nani? Kodi ilikuwa ikiingia kwenye simu yako.

Kisha umempigia hesabu ya mirathi, kwamba mtoto wa kiume ana mafungu mawili. Ni kweli, na yeye ajua, amesoma chuoni kabla yako. Lakini mafungu mawili si matatu. Mko wawili tu, thuluthi ni yake, hata ukienda kwa kadhi kesho. Vyumba 4 kwa 3,500 ni 14,000 kwa mwezi. Toa kodi ya ardhi unayompa mwenye shamba, toa na yale mabati uliyobadilisha (risiti unazo, natumai), kinachobaki ukigawe. Si pesa za kumshinda mtu mwenye kazi bandarini. Ukitaka tukae tuipige hesabu hiyo pamoja, niko Ijumaa baada ya swala.

Ile hadithi ya kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, ni sahihi, sina neno. Ila ikitoka kwako wewe uliyekosa, yageuka kuwa ya kumtisha. Mwachie imamu aisome. Na mama usimtaje hata kidogo. "Mama angekuwa hai angelia" unamwambia nani, Swaleh? Yule aliyekuwa akivuka feri kila asubuhi na chupa ya uji, mama akiwa wodini? Mimi na wewe tulikuwa tukienda jioni, tena kwa zamu.

Harusi ya Rukia itoe pia. Najua wataka shangazi mtu awepo, na Rukia mwenyewe amlilia. Lakini ikikaa mwishoni mwa ujumbe, Da Mishi ataona hukumtafuta mpaka ulipomhitaji. Kadi mpelekee baadaye, kwa mkono, umpeleke na Rukia.

Jambo dogo lakini limenikera: umeanza "Mishi, habari". Tangu lini? Hata mimi nisiye wa nyumba yenu namwita Da Mishi.

Ningekuwa mimi ningeandika hivi:

"Dada, shikamoo. Tangu mama afariki kodi ya Majengo naipokea peke yangu na fungu lako sikukupa. Cherehani ya mama niliiuza bila kukuuliza, ukaja kusikia kwa watu. Nimekukosea, naomba unisamehe. Hesabu ya kodi nitakuletea uikague, na fungu lako nitaanza kulilipa mwisho wa mwezi huu. Si lazima unijibu sasa."

Basi. Wewe wajua mnavyozungumza, badilisha maneno, lakini usiurefushe. Na hilo la mwisho wa mwezi usiliandike kama huna hakika nalo, maana ukilivunja hakuna ujumbe wa pili utakaosomwa. Mtumie mchana, si usiku wa manane akaamka akidhani kuna msiba.

Cherehani nayo, nilipita kwa yule fundi. Bado anayo, iko nyuma ya duka, kifuniko cha mbao kimepasuka lakini gurudumu lazunguka vizuri. Ataka 12,000, nadhani atashuka. Nimemwomba asiiuze hadi umalize kupokea mshahara, akakubali kwa shingo upande. Ukiitaka nitumie chochote nimwekee rubuni, ila kwa Da Mishi usiitaje mpaka iwe mkononi mwako.